Mwongozo kamili: kukagua bili ya hospitali kabla ya kulipa, hasa kama uliweka dipoziti

Picha za bili ninazotumiwa kutoka Nakuru, Kisumu na Kakamega zina kosa moja linalojirudia, na kosa lenyewe hufanywa na anayelipa. Mtu huangalia namba ya mwisho chini ya karatasi, akiiona ndogo anashukuru Mungu, analipa na kuondoka. Dipoziti aliyoiweka siku ya kulazwa imemezwa pale katikati, naye hakuona.

Nitakuonyesha jinsi ya kukagua bili ya mgonjwa aliyelazwa, ikiwa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, inalipa sehemu, bima ya kazini inalipa sehemu, na wewe unabaki na sehemu yako. Nitatumia bili ya mjomba wangu, aliyelazwa kwa nimonia katika hospitali moja ya binafsi mjini Nakuru. Aliingia Jumatatu saa tatu usiku, akaruhusiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Bili ilisema jumla ni shilingi 92,000, na kwamba tumebakisha kulipa 8,220 tu. Ukweli ni kwamba hospitali ndiyo iliyokuwa na deni kwetu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Bili yenye mchanganuo, yaani ile inayotaja kila kitu kwa tarehe, idadi na bei. Muhtasari wa ukurasa mmoja hautoshi.

Risiti za dipoziti zote pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo. Usiufute ujumbe hata kama unayo risiti, kwa sababu namba ya muamala ndiyo humfikisha karani kwenye malipo yako haraka kuliko jina.

Barua ya idhini kutoka kampuni ya bima. Hospitali huwa na nakala kwenye dawati la bima, nawe una haki ya kuiona. Pamoja nayo, ule ukurasa wa skimu yako unaotaja asilimia unayochangia na vitu visivyolipiwa.

Karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa na daktari, kalamu, na kikokotoo cha simu. Basi.

## Hatua ya 1: Omba bili ya muda jioni ya kuamkia siku ya kutoka

Usingoje asubuhi ya kuondoka. Asubuhi foleni ya kaunta ni ndefu, mgonjwa amevaa viatu tayari, gari linangoja nje, na kila mtu anataka mambo yaishe. Hapo utasaini chochote.

Jioni ya kuamkia, nenda kaunta na useme hivi: "Dada, naomba bili ya muda ya mgonjwa wangu, ile yenye mchanganuo wa kila siku." Akikupa muhtasari, mrudishie kwa upole na uombe kurasa zote. Mfumo wa hospitali unaweza kuichapa. Mara nyingi huwa ni suala la yeye kubonyeza chaguo jingine.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Hospitali ikishatuma bili ya mwisho kwa bima na kupata idhini, kuirekebisha kunamaanisha kuituma upya na kusubiri jibu tena. Karani atakuwa mzito kukubali marekebisho, na wewe pia utachoka. Kosa linalogunduliwa jioni hurekebishwa kwa dakika chache.

Utajua umefaulu hatua hii kama karatasi uliyoshika inaonyesha tarehe kando ya kila mstari.

## Hatua ya 2: Hesabu usiku, usihesabu siku

Hapa ndipo pa kuanzia kwa sababu kitanda hukokota vitu vingine. Siku moja ya ziada ya kitanda huja na siku moja ya ziada ya uuguzi, na mara nyingine ya daktari.

Hospitali kwa kawaida huhesabu usiku uliolala. Mjomba alilala usiku wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ni usiku mitano. Bili ilikuwa na siku sita za kitanda kwa 4,500 kila moja, na siku sita za uuguzi kwa 1,500. Mfumo ulikuwa umehesabu Jumamosi, siku aliyoondoka saa nne asubuhi.

Tahadhari: hospitali nyingi zina saa ya mwisho ya kuachia kitanda. Ukikaa hadi jioni ukisubiri bima ijibu, unaweza kutozwa siku nyingine kihalali. Kwa hiyo muulize nesi wa wodi saa hiyo ni ngapi, na uandike saa ambayo daktari alimruhusu mgonjwa. Kama mgonjwa alichelewa kwa sababu ya makaratasi ya hospitali yenyewe, hiyo saa uliyoandika ndiyo hoja yako.

Kwetu sisi, kitanda kilishuka kutoka 27,000 hadi 22,500, na uuguzi kutoka 9,000 hadi 7,500. Tayari 6,000 zimetoka.

## Hatua ya 3: Linganisha bili na chati, mstari kwa mstari

Hii ndiyo hatua inayochukua muda, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanasema, "Mimi si daktari, nitajuaje?" Huhitaji kujua dawa inatibu nini. Unahitaji kujua ilitolewa mara ngapi.

Nenda wodini ukamwombe sista akuonyeshe chati ya dawa. Ni karatasi yenye viboksi: majina ya dawa upande wa kushoto, tarehe na saa juu, na kila dawa ikitolewa nesi huweka sahihi fupi ndani ya kiboksi. Kiboksi kisicho na sahihi ni dawa ambayo haikutolewa. Hospitali nyingine sasa wana chati hii kwenye kompyuta, lakini ina mpangilio uleule.

Chukua dawa moja ghali kwenye bili na uifuate. Mimi nilifuata sindano ya seftriaksoni. Bili ilisema vichupa 10 kwa shilingi 450, jumla 4,500. Kwenye chati, mjomba alikuwa akipewa vichupa viwili mara moja kwa siku. Viboksi vya Jumanne, Jumatano na Alhamisi vilikuwa na sahihi. Kuanzia Ijumaa daktari alikuwa amepiga mstari na kuandika vidonge mahali pake. Vichupa viwili kwa siku tatu ni sita, si kumi.

Hakuna aliyeiba hapo. Famasi ilitoa dozi nzima ya siku tano siku ya kwanza na kuiingiza kwenye bili papo hapo. Daktari alipobadilisha dawa, vichupa vinne vilibaki kwenye kabati ya wodi. Ilitakiwa wodi ivirudishe famasi, na famasi ivitoe kwenye bili. Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo inayosahaulika, kwa hiyo kila mara dawa inapobadilishwa katikati ya matibabu, angalia hapo kwanza. Swali la kumuuliza sista ni moja: "Dawa zilizobaki zimerudishwa famasi?"

Vipimo na picha navyo vina kosa linalofanana na hilo. Bili inafuata ombi la daktari, si kazi iliyofanyika. Daktari akiomba kipimo kisha akakifuta, ombi linaweza kubaki kwenye mfumo na bei yake. Dalili ni rahisi: kila kipimo kilichofanyika kina majibu. Mjomba alitozwa eksirei mbili za kifua kwa 2,500 kila moja, lakini ripoti ilikuwa moja. Ya pili iliombwa Alhamisi, ikaahirishwa, kisha haikufanywa. Mstari usio na ripoti uulizie.

Oksijeni hutozwa kwa saa katika hospitali nyingi, kwa hiyo tazama kwenye chati saa iliyowekwa na saa iliyotolewa. Yetu ilikuwa saa 48 kwa 150, yaani 7,200, na chati ilikubali. Ziara za daktari bingwa zilikuwa tano kwa 3,000, na maandishi yake kwenye faili yalikuwa matano. Maabara, 11,400, majibu yote yalikuwepo. Dawa na vifaa vingine, 9,900, niliangalia vitano vya bei kubwa na vyote vilikuwa sawa. Ukikuta sahihi kila unapogusa, huna haja ya kuhesabu kila pamba.

Baada ya hatua hii tulitoa 1,800 za sindano na 2,500 za eksirei, juu ya zile 6,000. Jumla ya marekebisho ni 10,300, na bili halisi ikawa 81,700.

Usianze kugawa kabla ya kupata namba hii. Asilimia ya kitu kisicho sahihi nayo haiwezi kuwa sahihi.

## Hatua ya 4: Weka kando vitu ambavyo bima hailipii

Soma skimu yako. Vinavyotajwa mara nyingi ni vifaa vya kulazwa kama beseni na sabuni, chakula na kitanda cha anayemwuguza mgonjwa, na vitu vya usafi. Vitu hivi ni vyako vyote, SHA haimo na bima haimo.

Kwa mjomba vilikuwa viwili: vifaa vya kulazwa 1,800, na sahani nne za chakula cha shangazi kwa 300, yaani 1,200. Jumla 3,000. Zinazobaki za kugawana ni 78,700.

Angalizo: kaunta ikihamishia kitu cha matibabu kwenye fungu hili, kama dawa au kipimo, omba kuonyeshwa sababu ya bima kwa maandishi. Neno "bima imekataa" peke yake halitoshi, kwa sababu mara nyingine bima haijakataa bali haijajibu.

## Hatua ya 5: Toa sehemu ya SHA

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa mgonjwa aliyelazwa kwa ugonjwa usiohitaji upasuaji, hulipa kiasi maalumu kwa kila siku kulingana na ngazi ya hospitali. Katika viwango vilivyotangazwa 2024, hospitali ya ngazi ya 4 ni 3,360 kwa siku, ngazi ya 5 ni 3,920, na ngazi ya 6 ni 4,480. Uliza kaunta hospitali yenu imesajiliwa ngazi gani na ni kiwango gani kinachotumika siku hiyo.

Hospitali ya mjomba ilikuwa ya ngazi ya 4: 3,360 mara tano ni 16,800. Ilikuwa hivyohivyo kwenye bili. Na hapo ndipo nilipopata ushahidi wangu wa usiku: hospitali ileile iliyotutoza siku sita za kitanda ilikuwa imeidai SHA siku tano. Siku za kitanda na siku za SHA zikitofautiana kwenye karatasi moja, upande mmoja una kosa. Kidole changu kilipotua kwenye mistari hiyo miwili, karani hakuhitaji maelezo zaidi.

Upasuaji na uzazi havihesabiwi kwa siku. Vina bei ya kifurushi, mathalani 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji wa uzazi katika viwango hivyo vya 2024. Usizidishe kifurushi kwa siku.

Kama mstari wa SHA haupo kabisa, piga *147# uangalie kama mgonjwa anaonekana mchangiaji hai. Mwajiri anaweza kuwa amekukata asilimia 2.75 bila kuiwasilisha. Jambo hili lina uzito hata kwa mwenye bima ya binafsi, kwa sababu kampuni nyingi za bima huhesabu kwamba SHA imetoa sehemu yake kwanza, na isipotoa, pengo hilo huangukia mgonjwa.

Toa 16,800 kwenye 78,700. Zinabaki 61,900.

## Hatua ya 6: Gawa kati ya bima na mgonjwa

Skimu ya mjomba inasema mwanachama anachangia asilimia 10 ya kinachobaki baada ya SHA. Asilimia 10 ya 61,900 ni 6,190. Bima inalipa 55,710. Skimu nyingine huhesabu asilimia kabla ya SHA, kwa hiyo isome yako usichukue ya jirani.

Sehemu nzima ya mgonjwa ni zile 6,190 pamoja na 3,000 za hatua ya 4, yaani 9,190.

Sasa jaribu kujumlisha: SHA 16,800, bima 55,710, mgonjwa 9,190. Inarudi 81,700, bili ileile ya mwisho wa hatua ya 3. Isiporudi, rudi nyuma kabla ya kuendelea.

Kama sehemu ya bima kwenye bili ni ndogo kuliko uliyoipata, tazama barua ya idhini. Huenda barua iliidhinisha kiasi cha siku mbili za kwanza tu. Dawa yake ni dawati la bima kuomba nyongeza. Usikubali tofauti hiyo ihamie kwako huku ombi la nyongeza halijatumwa.

## Hatua ya 7: Dipoziti hutolewa mwisho, kwenye sehemu yako peke yake

Naomba usome hapa polepole.

Dipoziti ni pesa yako ambayo hospitali inakushikia. Si punguzo la bili. Haipunguzi gharama ya matibabu, na haipaswi kupunguza deni la bima. Inalipa kitu kimoja tu, sehemu ya mgonjwa.

Tuliweka 20,000 usiku ule wa Jumatatu, kabla idhini ya bima haijafika. Sehemu yetu ni 9,190. Kwa hiyo tunarudishiwa 10,810.

Tazama sasa bili ilivyofanya. Ilianza na 92,000, ikatoa SHA 16,800, halafu ikatoa dipoziti 20,000, zikabaki 55,200. Ikaweka kando vile vitu vya 3,000, zikabaki 52,200. Ndipo ikagawa: asilimia 10 ni 5,220 za mgonjwa, na 46,980 za bima. Ukijumlisha 5,220 na 3,000 unapata zile 8,220 tulizodaiwa.

Yaani dipoziti ya mjomba ilimpunguzia bima mzigo. Angelipa hiyo 8,220, mfukoni mwake zingekuwa zimetoka 28,220 badala ya 9,190. Tofauti ni 19,030.

Jambo la kuogopesha ni kwamba ile bili ukiijumlisha inarudi 92,000 kamili, bila senti kupotea. Ndiyo maana kujumlisha peke yake hakukulindi. Kipimo sahihi ni hiki: jumlisha kila shilingi iliyotoka mfukoni mwako, dipoziti ikiwemo, kisha uilinganishe na asilimia yako kwenye skimu ukiongeza vitu visivyolipiwa. Zikipishana, tazama dipoziti imetolewa kwenye mstari gani. Ikiwa juu ya mstari wa bima, umelipa deni la mwingine.

Kama mliweka dipoziti mara mbili, hakikisha zote mbili zimeonekana. Iliyotumwa na ndugu kutoka Nairobi kwa M-Pesa bila namba ya mgonjwa huweza kuingia kwenye akaunti ya hospitali na isiingie kwenye bili yenu. Peleka namba ya muamala, nayo itatafutwa.

## Hatua ya 8: Kaunta, sahihi na marejesho

Usiende na malalamiko kumi. Nenda na karatasi moja yenye mistari: kilichoandikwa, kinachotakiwa, ushahidi. Yetu ilikuwa na mistari mitano: kitanda, uuguzi, sindano, eksirei, dipoziti. Nilimwambia karani, "Dadangu, naomba tupitie haya matano pamoja." Manne alirekebisha mwenyewe baada ya kupiga simu wodini na famasi. La dipoziti alimwita msimamizi wake, kwa sababu yeye hakuwa na ruhusa ya kulihamisha kwenye mfumo.

Usisaini fomu ya madai ya bima ikiwa haijajazwa kiasi. Sahihi yako inathibitisha kwamba huduma zilizoandikwa ulizipata. Namba iliyowekwa baadaye itahesabiwa umeikubali, na itakula kikomo chako cha mwaka.

Mkikwama kwenye mstari mmoja, omba kukamilisha yale mnayokubaliana, na huo mmoja uandikwe kuwa unabishaniwa, ukiwa na tarehe na jina la aliyekupokea. Shauri la hospitali hupelekwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, la kampuni ya bima hupelekwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Wote wawili watataka kuona bili yenye mchanganuo, kwa hiyo usitoke bila nakala yake.

Marejesho ya dipoziti hayatolewi taslimu siku hiyohiyo katika hospitali nyingi. Utajaza fomu, utaacha nakala ya kitambulisho na risiti halisi, na pesa zitarudi kwa jina lililo kwenye risiti. Piga picha ya risiti kabla ya kuiachia. Omba bili mpya iliyochapwa upya, inayoonyesha salio kwa alama ya kutoa au maneno kwamba mgonjwa anadai, kwa sababu karani akikuahidi kwa mdomo, mwenzake wa zamu nyingine hatakuwa na habari. Bili ya mjomba ilisomeka -10,810 kwenye mstari wa mwisho, ikagongwa muhuri, na tukaondoka nayo.